Mayai ya omega: kuku 50, kilo za kitani na mdogo wangu mjamzito

Mdogo wangu alinipigia simu akiwa amesimama dukani huko Dar, mi nlikuwa bandani naokota mayai ya mchana. "Dada, nimeshika boksi la mayai hapa wameandika omega 3, bei yake karibu mara mbili ya yale unayoniletea wewe, nichukue nisichukue?" Alikuwa na mimba ya miezi minne. Kliniki walishamwambia ale samaki kwa ajili ya mtoto, na samaki ndo kitu ambacho hakutaka hata kukisikia, jirani akikaanga tu vibua yeye anakimbilia chooni. Mi nafuga kuku wa mayai Kibaha, wakati ule nlikuwa nao 300 na nlikuwa na miaka saba kwenye hii kazi, na sikuwa na jibu la kumpa. Iliniuma kweli. Nkamwambia chukua boksi moja, afu nipe siku chache nitafute ukweli wake.

Nilikwenda kwa mzee mmoja hapa mtaani ambaye alichanganya vyakula vya mifugo kiwandani miaka mingi mpaka alipostaafu. Nlidhani ataniambia ni ujanja wa biashara. Akaniambia hapana binti yangu, hiyo kitu ipo, ila wengi wanaouza hawajui wanauza nini na wanaonunua hawajui wananunua nini. Tulikaa barazani kwake karibu masaa mawili, na aliyoniambia siku ile ndo yamenisaidia mpaka leo.

Yai moja lina mafuta kama gramu 5, na yote yako kwenye kiini. Kiasi hicho hakibadiliki sana hata umpe kuku nini. Kinachobadilika ni aina ya mafuta. Ng'ombe ukimlisha mafuta fulani, tumboni kwake kuna vijidudu vinayageuza kabla hayajaingia kwenye damu, kwaiyo maziwa yake hayafuati sana kile alichokula. Kuku hana tumbo la namna hiyo, mafuta aliyokula yanapita utumbo, yanaenda kwenye ini, ini linayapanga afu linayasafirisha mpaka kwenye kiini. Sasa sisi tunawalisha nini? Mahindi, pumba, mashudu ya alizeti, soya kidogo. Vyote hivyo mafuta yake mengi ni ya aina inayoitwa omega 6, yale ya aina ya omega 3 ni ya kuhesabu, na ndo maana yai la kawaida linakuwa na omega 6 nyingi na omega 3 kiduchu. Kuku hana kosa, amekuletea ulichomwekea kwenye chombo.

Afu mzee akaniambia kitu ambacho kwangu ndo kiini cha habari nzima. Omega 3 sio kitu kimoja. Kuna ya mimea inaitwa ALA, hii ipo kwenye mbegu za kitani, zile ambazo madukani wanaziita flaksisidi, na kwenye chia pia. Na kuna za samaki, EPA na DHA. Ile DHA ndo inayojenga ubongo na macho ya mtoto tumboni, na ndo kliniki walikuwa wanamtafutia mdogo wangu waliposema ale samaki. Mwili wa binadamu unaweza kuigeuza ALA kuwa DHA lakini kidogo mno, unakunywa uji wa kitani kila siku na DHA yako haisogei. Kuku yeye ini lake linafanya hiyo kazi vizuri kutuzidi, na ile DHA anaipeleka kwenye kiini kwa sababu kifaranga atakayekua mle ndani naye anaihitaji kwa ubongo wake. Yaani unampa kuku mbegu ambayo wewe ikikuingia haikupi DHA ya maana, yeye anakutolea DHA kwenye yai. Nlivoelewa hapo nikaona hili jambo linafaa kujaribiwa na sio kulisikia tu.

Nkatenga kuku 50 kwenye chumba cha peke yao. Na hapo ndo nkafanya kosa la kwanza, maana niliona mbegu za kitani ni ghali nikasema mbona DHA ipo kwenye dagaa na dagaa tunao. Kawaida mi naweka kilo 5 za dagaa kwenye kila kilo 100 za chakula. Nkapandisha mpaka 15. Dagaa wenyewe walikuwa wale wa chakula cha mifugo, wamekaa ghalani muda, wamechanganyika na mchanga, harufu kali. Kuku walikula vizuri tu na kutaga hawakupunguza. Wiki ya tatu nkampelekea mdogo wangu trei moja nikiwa na furaha zangu, akachemsha mawili, akamenya la kwanza, akasikia samaki. Akatapika asubuhi ile mpaka mumewe akanipigia kuniuliza nimempa nini mke wake. Nilijisikia vibaya sana, maana nlikuwa nimempelekea kwenye yai kilekile alichokuwa anakikimbia.

Nkarudi kwa mzee. Akaniuliza swali moja tu, umeweka dagaa kiasi gani, nilipomjibu akatikisa kichwa. Mafuta ya samaki yakizidi kidogo tu kwenye chakula, ukifika kama asilimia 2 ya chakula chote, ladha inaanza kuhamia kwenye yai. Na juu ya mafuta kuna ile kemikali inayompa samaki aliyekaa harufu yake, nayo inapita mpaka kwenye kiini. Kuna kuku wa kahawia wenye kasoro ya kuzaliwa, miili yao haiwezi kuivunja hiyo kemikali, mayai yao ndo yananuka kabisa, japo aina nyingi za siku hizi wazalishaji wameshaiondoa hiyo kasoro. Viwanda vikubwa vinavyotaka DHA nyingi vinatumia mafuta ya samaki yaliyosafishwa kwa kipimo kidogo, au unga wa mwani, wale mwani wadogo wa kwenye maji ambao samaki mwenyewe ndo anapatia DHA yake. Mi hivo vyote sikuwa navyo. Nkarudisha dagaa kwenye kilo 5 zangu za siku zote na nkaamua kununua kitani.

Nilinunua kilo 40 kwa mpigo ili nipate bei ya jumla, 8,000 kwa kilo, nikazipeleka zote mashineni zikasagwa siku moja, nkaweka kwenye viroba stoo. Hilo ndo kosa la pili na lilinigharimu kuliko la dagaa. Mbegu ya kitani ikiwa nzima ganda lake linayalinda mafuta, unaweza kukaa nayo miezi. Ukishaisaga umeyaacha wazi kwa hewa, na stoo yangu ina bati juu, mchana ni tanuru. Kama wiki mbili na nusu hivi kijana anayenisaidia akaniambia mama, hiki chakula kina harufu ya rangi. Nkaenda kunusa, kweli, harufu ileile ya rangi ya mafuta unayopaka kwenye mlango. Na sababu yake ipo, mafuta ya kitani ndo wachoraji na mafundi wametumia tangu zamani kutengeneza rangi, kwa vile yanakauka na kugandamana yakikutana na hewa. Hiyo tabia inayoyafanya yafae kwa rangi ndo inayoyaharibu kwenye chakula. Kuku wakaanza kuchagua, wanakula mahindi wanaacha unga, kutaga kukashuka kutoka mayai 41 kwa siku mpaka 33. Kilo zote zilizobaki nilizifukia shambani. Mafuta yaliyooza hivyo usimpe kuku eti ili pesa isipotee, yanamaliza vitamini E mwilini mwake na kwenye yai hakuna omega ya kupata hapo.

Mara ya tatu ndo nikapata. Nlikuwa nishajua mambo machache na nikayafuata yote kwa pamoja. Nasaga kitani cha wiki moja tu, zingine zinakaa nzima ndani ya ndoo yenye mfuniko, sakafuni, chumba cha ndani sio stoo ya bati. Nlijaribu pia kuwapa nzima bila kusaga, kuku anazisaga mwenyewe kwenye firigisi kama ana changarawe, tatizo langu lilikuwa lingine, zile mbegu ni ndogo na zinateleza, kwenye chakula cha unga zinashuka chini ya chombo, kuku wa kwanza kufika anakula zake na wa mwisho anakuta nyingi chini, kwaiyo huwezi kusema yai gani limepata nini. Zikisagwa zinachanganyika.

Kipimo nilianza na kilo 5 kwenye kilo 100 wiki ya kwanza, afu nkapanda mpaka 10 na hapo nkasimama. Nlitamani kwenda 15 nikajua nitapata omega zaidi, mzee akanikataza na alikuwa sahihi kwa sababu mbili. Kwanza ile mbegu ina ute, si unajua ukiiloweka inavyokuwa kama bamia, sasa huo ute tumboni mwa kuku unafanya kinyesi kiwe chepesi na kinanata, maranda yanalowa, mayai yanatoka na uchafu. Hata kwenye 10 tu mi nilianza kugeuza maranda kila siku ya pili badala ya mara moja kwa wiki. Mbegu mbichi ina pia vitu vinavyozuia chakula kutumika vizuri, ukizidisha kuku wanapungua uzito na mayai yanakuwa madogo. Sababu ya pili ni kwamba DHA inagota. Ukiongeza kitani ALA kwenye yai itaendelea kupanda, lakini ini la kuku lina kikomo cha kugeuza, DHA ikishafika kwenye miligramu 80 au 100 kwa yai inakaa hapohapo. Ukitaka kuvuka hapo kwa mbegu peke yake huvuki, labda uweke mwani au mafuta ya samaki.

Kitu kingine nilichobadilisha ni alizeti. Nlikuwa naweka mashudu ya alizeti mengi, na yale ya mashine zetu za mtaani yanabaki na mafuta mengi kweli. Omega 6 na omega 3 zinagombania kimeng'enya kilekile ndani ya ini, omega 6 zikiwa nyingi sana zinaziba njia na ALA inakosa nafasi ya kugeuzwa. Nkapunguza yale mashudu nikaongeza ya soya yaliyokamuliwa vizuri. Halafu nikaweka vitamini E, sio kwa urembo, bila hiyo mafuta haya laini yanaharibika hata yakiwa tayari ndani ya kiini.

Afu nikasubiri. Kiini hakitengenezwi siku moja, kile kikubwa unachokiona kinajazwa kwa kama siku 10 kabla yai halijatoka, kwaiyo yai la kesho limeshajengwa kwa chakula cha wiki iliyopita. Mabadiliko yanaanza kuonekana baada ya siku chache lakini mpaka yatulie ni wiki mbili mpaka tatu. Niliwaweka wiki tatu kamili nikiuza mayai yao kwa bei ya kawaida. Watu wengine wanabadilisha chakula Jumatatu, Ijumaa wanabandika karatasi ya omega, hapana, hiyo sio haki kwa mteja.

Sasa ilikuwa lazima nipime, maana yai la omega kwa macho halijulikani. Hili nalisisitiza kwa sababu watu wengi wameshanibishia. Kiini cha njano kali hakina uhusiano wowote na omega, rangi inatokana na mahindi ya njano, majani, au ile rangi ya kuchanganya kwenye chakula. Yangu ya kitani kiini chake kilikuwa cha njano ya kawaida tu, yale ya boksi la mdogo wangu yalikuwa ya rangi ya machungwa na boksi halikuwa limeandika miligramu hata moja, neno omega 3 na picha ya moyo basi. Niliwahi pia kukutana na muuzaji mmoja, akaniomba nimuuzie trei za kawaida za kuku wangu wale wengine ayaweke kwenye maboksi ya omega, ananiongezea 1,000 kwa trei. Nilimkatalia nikamwambia watoto wa watu wanakula haya.

Basi nikapeleka mayai maabara, 12 ya kitani na 12 ya kawaida kutoka banda langu hilohilo, kipimo cha kutenganisha aina za mafuta. Gharama yake ilikaribia faida ya mwezi mzima ya kuku wale 50. Majibu yakaja hivi: yai la kawaida kwa wastani omega 3 yote miligramu 65, ndani yake DHA 30. Yai la kitani omega 3 yote 380, ndani yake ALA 280 na DHA 85. Kolesteroli haikubadilika, iko karibu 200 kwa yote mawili, kwaiyo anayekwambia mayai ya omega hayana kolesteroli anakudanganya au amedanganywa.

Nikalala na hizo namba siku mbili tatu. Ukiangalia haraka unasema 65 mpaka 380, karibu mara sita! Na hiyo ndo namba watu wanaandika kwenye boksi kwa sababu inavutia. Lakini sehemu kubwa ya hilo ongezeko ni ALA, na ALA unaipata wapi? Kwenye mbegu yenyewe. Miligramu 280 za ALA zipo ndani ya gramu moja na robo hivi ya kitani, kama nusu kijiko cha chai kikiwa kimesagwa. Kwa 8,000 kwa kilo hiyo ni shilingi 10. Ukitaka ALA weka kitani kwenye uji wako, kuku hana haja ya kuingia hapo kati, tena kuku wangu kila mmoja anakula kama gramu 12 za kitani kwa siku zenye ALA gramu 2 na nusu hivi, na kwenye yai inarudi sehemu ndogo tu, nyingine ameichoma mwilini mwake. Kitu ambacho kuku amekufanyia ambacho mwenyewe huwezi ni zile miligramu 55 za DHA zilizoongezeka, kutoka 30 mpaka 85. Hizo ndo unazilipia.

Ngoja niwape hesabu ya upande wangu kwanza. Kilo 100 za chakula zina kilo 10 za kitani, hiyo ni 80,000. Zimechukua nafasi ya kilo 10 za mahindi na mashudu zenye thamani ya kama 9,000, ongezeko ni 71,000, jumlisha vitamini E 4,000, inakuwa 75,000 zaidi kwa kila kilo 100. Kuku 50 wanakula kilo 6 kwa siku kwaiyo zile 100 zinakaa siku 16 na kitu. Kwa mayai 40 kwa siku ni trei 22. Gawanya 75,000 kwa 22, unapata karibu 3,400 kwa trei moja. Trei ya kawaida nlikuwa nauza 9,000, kwaiyo kwenye 12,400 nimerudisha gharama ya chakula tu, hapo hujaweka kipimo cha maabara, maranda ya ziada na kitani nilichofukia. Nkauza 14,000. Kwaiyo yai la omega kuwa ghali sio wizi kwenyewe, lile la kweli lina gharama ya kweli. Ila ukikuta linauzwa mara mbili ya kawaida na hakuna miligramu zilizoandikwa, uliza, maana chakula peke yake hakiwezi kulifikisha hapo.

Sasa upande wa mlaji. Kwa 14,000 yai moja ni shilingi 467 na lina DHA 85. Chukua kibua mmoja wa 2,000 pale feri, nyama yake tuseme gramu 150. Samaki wa mafuta kama huyo, nikikadiria chini kabisa miligramu 500 za DHA kwa kila gramu 100, nimepata 750 kwenye samaki mmoja, na EPA juu, na ndo mboga yenyewe ya mchana. Kuzifikia hizo 750 kwa mayai yangu unahitaji mayai 9, zaidi ya shilingi 4,000. Wazungu wa mamlaka ya chakula ya Ulaya wanashauri mtu mzima apate miligramu 250 za EPA na DHA kwa siku, huyo kibua mmoja peke yake amekupa ya siku tatu. Kwa mtu wa pwani au wa kando ya ziwa anayekula samaki mara mbili kwa wiki bila shida, mi namwambia waziwazi kabisa, nunua trei ya 9,000, hiyo 5,000 nyingine ipeleke kwa muuza samaki. Nimeshawaambia hivyo hata wateja wangu wenyewe na wawili wameacha kununua, na sijutii.

Na sipendi pia kumwona mzee wa watu mwenye shida ya moyo anatoa pesa ya dawa kununua mayai haya. Kuna utafiti mkubwa wa Marekani unaitwa VITAL, watu zaidi ya 25,000 walipewa kidonge cha mafuta ya samaki cha gramu moja kila siku kwa miaka kama mitano, majibu yakatoka 2018, na kwa ujumla hakikupunguza kwa uhakika matukio makubwa ya moyo ukilinganisha na waliopewa kidonge kitupu. Sasa EPA na DHA zilizokuwa kwenye kidonge hicho ukizijumlisha ni karibu mara kumi ya DHA iliyopo kwenye yai langu. Yai ni chakula, tusiligeuze dawa.

Lakini mdogo wangu hakuwa kwenye kundi hilo. Yeye samaki alikuwa hawezi kabisa, na vidonge vya mafuta ya samaki alijaribu, akicheua tu ile harufu inarudi na anatapika. Mjamzito ushauri ni aongeze DHA miligramu 100 mpaka 200 kwa siku juu ya ile ya mtu mzima. Mayai mawili ya kitani yana 170. Hapo bei ya 14,000 ina maana, kwa sababu hana njia nyingine ambayo tumbo lake linaikubali. Sikumpelekea mpaka nilipochemsha ya kwangu, nikaonja mimi, akaonja mume wangu, akaonja kijana wa bandani, hakuna aliyesikia samaki wala rangi. Akala mawili kila siku, nkamsisitizia achemshe mpaka kiini kigande kabisa, kwa mjamzito yai bichi bichi ni hatari ya salmonela, na kuchemsha hakuiondoi DHA ya kukutia wasiwasi. Ya kukaa sana nlimkataza, nlikuwa nampelekea trei moja kila wiki mbili, sio zaidi.

Watu wa namna yake nimewapata wengine. Mama mmoja ambaye mtoto wake ana mzio wa samaki. Familia moja hawali samaki wala nyama kwa imani yao ila mayai wanakula. Mfanyabiashara wa Dodoma ananunua trei nne kwa mpigo, anasema huko samaki wa bahari anayefika ni ghali na amechoka. Kwa hao naona nafanya kazi ya haki, na kila trei naweka karatasi imeandikwa kwa mkono, kitani kilo 10 kwa 100, DHA 85, ALA 280, tarehe ya kutagwa.

Mtu ananiuliza mara nyingi kuhusu kuku wa kienyeji wanaojilisha majani. Kuna kitu hapo. Mwaka 1989 watafiti walipima mayai ya kuku wa kijijini Ugiriki waliokuwa wanajilisha nje wenyewe, wakakuta omega 6 na omega 3 zimekaribiana, wakati mayai ya supamaketi ya Marekani omega 6 ilikuwa karibu mara 20. Moja ya majani ambayo kuku wale walikuwa wanakula ni yule mmea mnene unaotambaa chini tunaouita tako la hasani, na upo hapa kila mahali, unaota mpaka kwenye nyufa za saruji, una ALA nyingi kwa jani. Ila kienyeji wa Ugiriki sio kienyeji wa kila mahali, kuku anayezunguka uani Mbagala akiokota pumba na mabaki ya ugali hana alichokula cha kumpa omega 3, hata kiini kikiwa cha njano namna gani. Mi mwenyewe nimeanza kuwakatia kuku 20 tako la hasani kila asubuhi juu ya chakula cha kawaida, ndoo moja, wanaligombania kweli. Sijaliandika chochote kwenye trei zao na naziuza 9,000 kama zingine mpaka nipate hela ya kupima.

Mdogo wangu alijifungua salama, mtoto wa kike, kilo 3 na gramu 200. Wiki ya pili baada ya kujifungua nlimkuta jikoni kwake anakaanga vibua, mlango wazi, nyumba nzima inanukia. Akaniambia dada, hamu imerudi yote. Nkamwambia basi kuanzia mwezi huu nakuletea trei za kawaida, zile za kitani kuna mama mjamzito mwingine wa hukohuko kwenu anazisubiri.